Dakika 45 za Knight Capital: kurudi nyuma au kutia kiraka

Jumatano ya tarehe 1 Agosti 2012, Soko la Hisa la New York lilipofunguliwa saa 3:30 asubuhi kwa saa za huko, kompyuta za kampuni moja ya udalali zilianza kununua na kuuza hisa ambazo hakuna mteja aliyeziagiza. Kampuni hiyo iliitwa Knight Capital, na wakati huo ilikuwa miongoni mwa madalali wakubwa kabisa wa hisa Marekani. Katika dakika kama 45 ilikuwa imefunga biashara milioni 4 za hisa za makampuni 154. Ilipofanikiwa kuzima mtambo na kuuza hisa zote ilizojikuta nazo, hasara ilizidi dola milioni 460, yaani karibu dola milioni 10 kwa kila dakika iliyopita.

Kisa hiki kinasimuliwa sana, na kwa kawaida lawama humwangukia fundi mmoja aliyesahau seva moja. Fundi huyo tutafika kwake. Ila kwa mtu yeyote anayesimamia mfumo wenye wateja ndani, sehemu yenye mafunzo zaidi ni ya katikati: pale wahandisi walipoona mambo yanakwenda mrama wakafanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya. Waliondoa toleo jipya la programu ili lile la zamani lirudi kazini. Mambo yakazidi kuharibika.

Programu za aina hii hazifungwi ili zitengenezwe. Toleo jipya huachiwa huku watu wakiendelea kununua, kuuza au kutuma pesa. Likianza kukosea, anayeshika zamu ana njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni kurudisha toleo la jana, ambalo angalau lilikuwa likifanya kazi. Ya pili ni kuliacha toleo jipya lilipo, kutafuta kosa, kulitia kiraka na kuachia toleo jingine juu yake. Wengi hufundishwa kwamba ya kwanza ndiyo salama, na mara nyingi ni kweli. Knight inaonyesha ni lini si kweli.

Mfumo uliohusika uliitwa SMARS. Kazi yake ilikuwa kupokea oda kubwa ya mteja na kuikata vipande vidogo vidogo vya kupeleka sokoni. Ulikuwa ukiendeshwa na seva nane. Soko la New York lilikuwa linaanzisha utaratibu mpya kwa oda za wawekezaji wadogo siku hiyo ya tarehe 1 Agosti, na Knight ilitaka kuwemo tangu siku ya kwanza. Kuanzia tarehe 27 Julai mafundi walianza kuweka msimbo mpya kwenye seva hizo, chache chache kwa siku. Seva saba zikapata. Ya nane ikasahaulika, na hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua kazi hiyo.

Seva moja iliyobaki na programu ya zamani si balaa kwa yenyewe. Balaa lilikuwa ndani ya ile programu ya zamani. Mlikuwa na kazi moja iliyoitwa Power Peg, ambayo Knight iliacha kuitumia mwaka 2003 lakini haikuifuta. Power Peg iliwashwa na swichi ndogo inayobebwa ndani ya oda: oda ikiwa na alama hiyo, Power Peg inaishika. Waliotengeneza toleo jipya waliitwaa swichi ileile na kuipa maana mpya, kwamba oda hii ni ya utaratibu mpya wa wawekezaji wadogo. Kwenye seva saba, alama ilisomwa kwa maana mpya. Kwenye ya nane ilisomwa kwa maana ya mwaka 2003.

Na Power Peg yenyewe ilikuwa imeharibika bila mtu kujua. Zamani ilikuwa ikihesabu hisa zilizokwisha kununuliwa ili isimame oda ya mteja inapotimia. Mwaka 2005 hesabu hiyo ilihamishiwa sehemu nyingine ya programu, na hakuna aliyejaribu tena Power Peg baada ya hapo. Kwa hiyo ilipoamshwa haikuwa na pa kusimamia. Oda 212 tu za wawekezaji wadogo zilizoshikwa na Power Peg zilitosha kuzalisha mamilioni ya vipande, kwa sababu kila moja iliendelea kukatwa hata baada ya kutimia.

Sasa jiweke katika kiti cha wahandisi wale. Soko liko wazi, pesa zinatoka kwa kasi isiyoelezeka, na kitu pekee kilichobadilika wiki hiyo ni toleo jipya. Ukiulizwa la kufanya, utasema nini? Waliliondoa toleo jipya kwenye seva saba lilikowekwa sawasawa. Kilichorudi pale ni programu ya zamani, pamoja na Power Peg yake. Oda zilizokuwa zikiingia bado zilibeba ile alama. Seva zilizokuwa salama zikaanza kufanya kilekile kilichokuwa kikifanywa na ile ya nane.

Hapa ndipo kiini cha uamuzi wenyewe kilipo. Kurudisha programu hakurudishi mazingira yake. Msimbo ulirudi wa jana, lakini oda zilizoingia zilikuwa za leo. Ili kurudi kwao kuwe kurudi kwa kweli, ingebidi kwanza oda ziache kuja na alama hiyo, kisha ndipo programu ibadilishwe. Au, kwa kinyume chake, ingetosha kuipa seva ya nane toleo jipya. Siku ile kusonga mbele ndiko kulikokuwa salama, na ishara ya hilo ilikuwepo: fujo ilitoka kwenye seva moja kati ya nane. Toleo jipya likiwa ndilo bovu, kosa huonekana kila lilikowekwa. Kosa linapokaa upande mmoja tu, swali la kwanza ni nini kinautofautisha upande huo na mingine, na jibu linaweza kuwa kwamba huo ndio upande ambao haukupata mabadiliko.

Kuona hivyo kunahitaji takwimu zilizogawanywa kwa seva, si jumla ya mfumo mzima. Knight ilikuwa na barua pepe. Kuanzia saa 2:01 asubuhi, saa moja na nusu kabla ya soko kufunguliwa, mfumo ulituma barua pepe 97 kwa kundi la wafanyakazi zikitaja SMARS na kosa lililoandikwa `Power Peg disabled`. Barua hizo hazikutengenezwa ziwe kengele, na kwa kawaida hakuna aliyekuwa akizisoma. Jina la chanzo cha msiba lilikuwa limelala kwenye visanduku vya barua kabla senti moja haijapotea.

Tuiache New York kidogo, kwa sababu aina ya pili ya mtego ni ya kawaida zaidi na haihitaji soko la hisa. Tuchukue mfano wa kubuni: mfumo wa tiketi za mabasi, nauli ya safari ndefu ni shilingi 70,000. Kampuni inataka kupokea malipo ya kadi, na mpokeaji wa malipo hayo anahesabu kwa senti. Basi wahandisi wanaamua kila nauli kwenye hifadhidata iandikwe kwa senti. Wanapoachia toleo jipya saa nne asubuhi, wanaendesha mstari huu:

```sql
UPDATE tiketi SET nauli = nauli * 100;
```

Shilingi 70,000 sasa imeandikwa 7,000,000, na toleo jipya linajua kwamba hizo ni senti. Dakika sita baadaye kengele inalia: abiria wanaonunua tiketi ya kwenda na kurudi wanakwama, ombi moja kati ya kila maombi 20 linashindwa. Mwenye zamu ana amri moja ya kurudisha toleo la jana, na haichukui hata dakika mbili:

```
kubectl rollout undo deployment/tiketi
```

Akiibonyeza, tiketi za kwenda na kurudi zitanunulika tena. Lakini programu ya jana ikifungua hifadhidata itakuta 7,000,000 na kuisoma kuwa shilingi. Abiria atakayefungua tiketi yake ataona nauli ya milioni saba, na huyo ni wa kucheka naye. Wa kutisha ni abiria atakayefuta safari na kudai arudishiwe pesa, kwa sababu mfumo utamtumia milioni saba kwenye simu yake bila kusita. Wakati huohuo tiketi mpya zinaandikwa 70,000 kwa shilingi, katika safu ileile. Baada ya nusu saa kuna nauli za vipimo viwili zimechanganyika, na hakuna alama ya kuzitenganisha isipokuwa saa ziliponunuliwa.

Kwa hiyo hapa mwenye zamu asirudi. Kosa alilonalo linamgusa mnunuzi mmoja kati ya 20, na mnunuzi huyo anaweza kununua tiketi mbili za kwenda tu. Afadhali azime tiketi za kwenda na kurudi kwa saa moja, aweke tangazo, kisha kiraka kitengenezwe kwa utulivu. Kosa dogo linaloonekana ni nafuu kuliko kosa kubwa linaloandika uongo kwenye daftari la pesa.

Ila angeweza kujipa nafasi ya kurudi kama mabadiliko yangepangwa kwa namna nyingine. Badala ya kugeuza safu iliyopo, ingeongezwa mpya pembeni yake:

```sql
ALTER TABLE tiketi ADD COLUMN nauli_senti BIGINT;
```

Toleo jipya lingeandika sehemu zote mbili, shilingi kwenye `nauli` na senti kwenye `nauli_senti`. Programu ya jana haijui kwamba safu mpya ipo, inaendelea kusoma ile yake, na hesabu zake ziko sawa. Kurudi kunakuwa bure. Safu ya zamani hufutwa baadaye kwa kazi yake yenyewe, wiki kadhaa mbele, wakati hakuna tena anayewaza kurudi. Gharama yake ni kwamba kazi moja inakuwa tatu, na ile ya tatu, ya kufuta, ndiyo ambayo kila timu huiahirisha. Naelewa kwa nini. Lakini Power Peg ilikuwa ni kazi ya tatu iliyoahirishwa kwa miaka tisa.

Baada ya mitego hii miwili msomaji anaweza kudhani nampigia debe kiraka. Hapana. Ikiwa toleo jipya halikugusa hifadhidata, halikubadilisha maana ya ujumbe unaopita kati ya mifumo, wala halikutuma kitu nje kisichorudishika, rudi, na urudi kabla hujaelewa kosa ni nini. Wahandisi hawapendi hili. Mtu aliyeandika msimbo huwa ameshaona kosa, ni mstari mmoja tu, apewe dakika tano. Dakika tano hizo ni za kuandika. Mwenzake lazima ausome, majaribio lazima yapite, toleo lijengwe, liachiwe kidogo kidogo. Ukihesabu kwa uaminifu ni kama dakika 35, na hapo ni ikiwa alichokiona ndicho chenyewe. Mfumo wetu wa mabasi ukipokea maombi 20 kwa sekunde, na moja kati ya 20 likishindwa, dakika 35 ni abiria 2,100 waliokwama. Dakika mbili za kurudi ni 120. Kosa litakuwa lilelile kesho, linaweza kuchunguzwa bila mtu kusubiri dirishani.

Hata pale panapoonekana safi kuna kitu kimoja cha kuangalia, nacho ni simu za wateja. Programu iliyokwisha kupakuliwa kwenye simu hairudishwi na amri ya mtu aliye ofisini. Huku kwetu, ambako watu hupakua matoleo mapya wanapopata intaneti ya bure kisha hukaa nayo miezi, seva iliyorudishwa jana itaendelea kupokea maombi kutoka simu zilizo na toleo la leo. Ni Knight ileile kwa udogo: kilichorudi ni upande mmoja.

Lakini njia ziko tatu, si mbili, na ya tatu ndiyo iliyokosekana New York. Ni kuzima. Uchunguzi wa tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, ambayo mwaka 2013 iliitoza Knight faini ya dola milioni 12, ulieleza kwamba kampuni haikuwa na utaratibu wa kuwaongoza watu wake wakati wa tukio la namna ile. Iliwategemea mafundi watafute kosa huku mfumo ukiendelea kufanya biashara. Akaunti ya ndani ambako hisa zisizo na mwenyewe zilikuwa zikirundikana ilikuwa na kikomo cha dola milioni 2, lakini kikomo hicho hakikuunganishwa na chochote kinachoweza kuzuia oda. Kilikuwa namba tu. Kwa hiyo mjadala wa turudi au tuzibe ulifanyika wakati bomba liko wazi, na kila dakika ya kufikiri ilikuwa na bei yake.

Linganisha na Jumanne ya tarehe 2 Julai 2019. Kampuni ya Cloudflare, ambayo tovuti nyingi duniani hupitia kwake, iliachia kanuni moja mpya katika ngao yake ya kuzuia mashambulizi. Ilikuwa saa 10:42 jioni kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Kanuni hiyo ilikuwa na mtindo wa kutafuta maneno uliotumia nguvu zote za kompyuta kila ulipoendeshwa, na ilisambazwa dunia nzima kwa mara moja, katika sekunde chache. Tovuti zikaanza kuonyesha kosa la `502`. Wakati mbaya zaidi, trafiki iliyokuwa ikipita ilishuka kwa asilimia 82.

Mwanzoni walidhani wameshambuliwa. Walipogundua kwamba ni ngao yao wenyewe inayokula kompyuta, ilikuwa saa 11:02, na hawakukaa kujadili kanuni ipi irudishwe wala irekebishwe vipi. Walikuwa na swichi ya kuizima ngao nzima duniani kote, na pendekezo likawa kuitumia. Kuna gharama katika hilo: wateja wangebaki bila ngao kwa muda. Lakini gharama hiyo ilijulikana, na ile nyingine haikuwa na mwisho.

Kutoka kuamua hadi kubonyeza zilipita dakika tano, na sababu yake inafaa kukumbukwa na kila mwenye swichi. Milango ya kuingilia kwenye mitambo yao ya ndani ilipitia Cloudflare, na Cloudflare ilikuwa chini. Baadhi ya wafanyakazi walikuta ruhusa zao za kuingia zimekatwa kwa sababu hawakuwa wamezitumia kwa muda. Ilibidi wapite njia ya akiba ambayo si wengi walikuwa wameizoea. Saa 11:07 ngao ilizimwa. Saa 11:09 trafiki ilikuwa imerudi kawaida.

Na hapo ndipo, bomba likiwa limefungwa na hakuna mteja anayeumia, walipoanza kuchagua kati ya kurudi na kuziba. Waliiondoa ile kanuni moja. Kisha wakachagua kituo chao katika mji mmoja, wakahamisha kutoka hapo trafiki ya wateja wanaolipa, wakaiwasha ngao kwa trafiki iliyobaki na kuangalia kama kompyuta zinahema sawasawa. Saa 11:52, dakika 45 tangu waizime, wakaiwasha dunia nzima.